Mikate iliyoungua huhesabiwa vipi?

Kiwanda cha mikate hakijui gharama ya mkate mmoja mmoja. Unga, hamira, mafuta, ujira na umeme huingia kwa pamoja, mikate ikatoka kwa pamoja, kisha gharama yote hugawanywa kwa idadi ya mikate. Ugumu uko kwenye mikate iliyoharibika: nani abebe gharama yake?

Jibu hutegemea aina ya uharibifu. Hata siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa, mikate michache hupasuka au kuungua kingo. Huo ni uharibifu wa kawaida, na gharama yake hubebwa na mikate mizima, kwa kuwa haiwezekani kuoka bila kuupata. Uharibifu usio wa kawaida ni ule uliozidi kiwango hicho, kwa mfano umeme ulipokatika mikate ikiwa tanurini. Huo hautwishwi mkate mzima.

Tuseme kundi moja lina mikate 1,000, limegharimu shilingi 960,000, na uharibifu wa kawaida ni asilimia 5, yaani mikate 50. Iliyoharibika huuzwa kwa wafugaji wa kuku kwa shilingi 200 kila mmoja. Fedha ya mikate hiyo 50, shilingi 10,000, hupunguzwa kwanza kwenye gharama. Zinazobaki, shilingi 950,000, hugawanywa kwa mikate 950 iliyotarajiwa, wala si kwa iliyopatikana. Kila mkate umegharimu shilingi 1,000.

Siku hiyo umeme ukakatika, ikapatikana mikate mizima 920 tu. Thelathini iliyozidi nayo huthaminiwa kwa shilingi 1,000 kila mmoja, jumla 30,000. Wafugaji watailipia 6,000. Zilizobaki, 24,000, huenda moja kwa moja kwenye hesabu ya faida na hasara. Mikate 920 huingia stoo kwa shilingi 1,000 ileile. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 2, nacho kinakataza upotevu usio wa kawaida kuingizwa katika thamani ya bidhaa zilizo ghalani.

Mhasibu asiyetenganisha angetoa shilingi 16,000 za mikate yote 80 iliyoharibika, kisha akagawa 944,000 kwa 920. Angepata takriban shilingi 1,026, na bei ya mkate ingepandishwa kwa kosa ambalo si la mkate.

Hatari kubwa zaidi imejificha kwenye ile asilimia. Meneja akitangaza kuwa kiwango cha kawaida ni asilimia 8, hesabu itatoa shilingi 1,026 hiyohiyo, safari hii kwa kufuata kanuni, na ile hasara ya 24,000 haitaonekana popote. Kwa hiyo kiwango kipangwe kutokana na kumbukumbu za siku ambazo tanuri lilifanya kazi vizuri, na kisibadilishwe baada ya mikate kuungua.