Presha ya Zamani Kwenye Fomu ya Bima

Swali linaloleta ugomvi mkubwa kwenye fomu ya bima ya afya halina neno gumu hata moja. Linauliza kama wewe, au yeyote unayemkatia bima, amewahi kuugua, kuchunguzwa, kushauriwa au kutibiwa maradhi fulani: presha, kisukari, pumu, moyo, figo, kifafa, saratani. Fomu nyingine huuliza miaka mitano iliyopita tu, nyingine haziweki ukomo. Pembeni kuna visanduku viwili vya ndiyo na hapana, na chini yake mistari michache ya maelezo. Wengi hulisoma kana kwamba wameulizwa kama wanaumwa leo. Kwa kuwa leo hawaumwi, wanaweka alama kwenye hapana.

Tuchukue mfano wa kubuni, fundi cherehani wa Tanga mwenye miaka 47. Kwa muda mrefu alitibiwa kwa bima ya kazini kwa mumewe, ambayo iliwachukua wafanyakazi wote na familia zao kwa mkupuo bila kumhoji mmoja mmoja. Mume amestaafu, na sasa mama anajikatia bima mwenyewe kwenye kampuni binafsi. Mwaka 2020 alikwenda zahanati akilalamika kichwa, akapimwa presha ikawa 158 kwa 96. Aliporudi wiki iliyofuata ilikuwa palepale, akaandikiwa amlodipini ya miligramu 5 kila siku. Alimeza kama miezi minne, kichwa kikatulia, akaacha mwenyewe. Kwa hesabu yake presha ilikwisha. Wakala anayemjazia fomu naye anakimbizana na siku: “Mama, hiyo usiandike, watakuzungusha bure.” Hapana ikaandikwa, mama akatia sahihi.

Miezi 14 baada ya bima kuanza, anapata kiharusi. Mapokezi ya hospitali daktari anamuuliza mwanawe historia ya mgonjwa, naye anajibu kama mtoto yeyote angejibu: mama ana presha tangu zamani. Daktari anaandika. Hospitali inaomba idhini ya matibabu kwa kampuni, na kwenye fomu ya idhini kuna mstari unaotaka tarehe tatizo lilipogunduliwa mara ya kwanza. Mhakiki wa madai anaiweka karatasi hiyo kando ya fomu ya maombi, na hapo ndipo maswali yanapoanza. Chini ya fomu ya maombi, kwenye maandishi madogo juu ya sahihi, kwa kawaida mwombaji hukubali kampuni iombe kumbukumbu zake kwenye kituo chochote alichowahi kutibiwa. Daftari la zahanati la mwaka 2020 linapatikana.

Kinachofuata ni kizito kuliko kukataliwa dai moja. Sheria ya bima ya Kenya, Uganda na Tanzania ina mizizi kwenye sheria ya Uingereza, na msingi wake hutajwa katika hukumu ya mwaka 1766, kesi ya Carter dhidi ya Boehm. Huko Jaji Mansfield alieleza kwamba anayejua hali halisi ni mwenye kuomba bima, kwa hiyo asifiche jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wa kampuni kumkubali au bei ya kumtoza. Kwa kanuni hiyo kampuni inaweza kuufuta mkataba tangu siku ya kwanza, hata kama ugonjwa unaodaiwa hauna uhusiano na uliofichwa. Kusema “sikukusudia” hakuokoi sana, kwa sababu kipimo ni uzito wa jambo lenyewe. Waingereza wenyewe waliilegeza kanuni hii kwa wateja wa kawaida kwa sheria ya mwaka 2012. Na kwa wanaodhani kanuni ni ya kuzibeba kampuni tu, katika kesi ile ya 1766 aliyeshindwa ni mtoa bima: Mansfield aliona kwamba mambo aliyolalamika kufichwa alikuwa akiyajua au angeweza kuyajua.

Sasa tuone ukweli ungemgharimu nini yule mama. Kwa presha ya kiasi kile, isiyo na madhara ya moyo wala figo, mara chache kampuni ingemkataa kabisa. Huenda ingemwongezea ada kidogo, ingempima upya, au ingeweka kipindi cha kusubiri kabla ya kulipia chochote kinachotokana na presha. Kwenye bima binafsi kipindi hicho mara nyingi huwa mwaka mmoja, na wakati mwingine maradhi ya namna hiyo huwekewa kiwango chake cha malipo, kidogo kuliko cha jumla. Kiharusi kilikuja mwezi wa 14. Kama mkataba wake ungekuwa wa mwaka mmoja wa kusubiri, angekuwa ameshauvuka.

Maelezo ambayo angeandika yangetosha kwenye mistari minne: “Mwaka 2020, zahanati, presha 158 kwa 96, ikapimwa mara mbili. Nilipewa amlodipini miligramu 5, nikaimeza kama miezi minne, nikaacha bila kuambiwa na daktari. Sijawahi kulazwa kwa ajili hiyo. Kipimo cha mwezi huu ni 138 kwa 86.” Hapo pana tarehe, kipimo, dawa, mwisho wake na hali ya sasa. Kipimo kipya hupatikana duka la dawa kwa dakika chache, na kinafaa kuliko neno “nimepona”, ambalo kwa presha ni la kutiliwa shaka hata na daktari. Nafasi isipotosha, karatasi nyingine hushikizwa na kutajwa kwenye fomu.

Usahihi unakwenda pande zote mbili. Mwanamke aliyepata kisukari cha ujauzito, kisha vipimo baada ya kujifungua vikawa vya kawaida, akiandika “kisukari” tupu amejitia kwenye kundi lisilo lake. Vivyo hivyo anayejiita mgonjwa wa vidonda vya tumbo ilhali hajapimwa. Aandike maumivu aliyoyapata na alichoambiwa na tabibu. Asichokijua mtu hawezi kukificha, ila uvimbe ulioonekana kwenye picha akaambiwa “ni mdogo, tuuangalie tu” tayari anaujua, na swali la kuchunguzwa linauhusu.

Kuhusu wakala, mimi sina huruma sana naye, lakini kisheria mzigo humwangukia aliyetia sahihi. Fomu isomwe yote baada ya kujazwa, hata ikiwa imejazwa kwa simu, na nakala ibaki nyumbani. Tena, ukigunduliwa ugonjwa baada ya kuwasilisha fomu na kabla kampuni haijakukubali, unapaswa kuijulisha kwa maandishi. Unaojitokeza baada ya bima kuanza ni habari nyingine, mpaka siku utakapohamia kampuni mpya na kukutana na swali lilelile.

Kuna pia kosa linalotokea hospitali. Mwana aliyechanganyikiwa anasema “miaka kumi” akimaanisha siku nyingi, daktari wa zamu anaandika kumi, na mtu aliyeandika 2020 kwa uaminifu anaonekana mwongo. Dai likikataliwa kwa sababu kama hiyo, omba kwanza barua inayotaja jibu gani la fomu linalopingwa na kumbukumbu gani imetumika. Kisha peleka daftari la zahanati kwa daktari aliyeandika na umwombe barua ya kusahihisha historia. Kampuni ikishikilia msimamo wake, Tanzania kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na Kenya malalamiko hupokewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Bima. Kote huko, karatasi ya kwanza utakayotakiwa kuonyesha ni ile nakala ya fomu.