Mauzo Yamepanda, Faida Imekwenda Wapi?

Chukua swali la mtihani kuhusu duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka 2019 mauzo yalikuwa shilingi milioni 200. Mwaka 2023 yakafika milioni 300. Tukiufanya 2019 kuwa mwaka wa msingi, yaani 100, tunagawanya 300 kwa 200 na kuzidisha kwa 100: fahirisi ya mauzo ni 150. Gharama ya bidhaa zilizouzwa ilitoka milioni 120 hadi 204, fahirisi 170. Faida halisi ilishuka kutoka milioni 30 hadi 24, fahirisi 80.

Wanafunzi wengi hukimbilia kulaumu matumizi ya uendeshaji, kwa kuwa yalipanda kutoka milioni 50 hadi 72. Lakini geuza kila kipengele kuwa asilimia ya mauzo ya mwaka wake. Matumizi yalishuka kutoka asilimia 25 hadi 24. Gharama ya bidhaa ndiyo iliyopanda, kutoka 60 hadi 68. Hapo ndipo pa kuchunguza: bei za wasambazaji, punguzo kwa wateja, au wizi wa bidhaa.

Tahadhari moja: fahirisi ikitoka 140 hadi 150, ongezeko ni pointi 10, lakini ni takriban asilimia 7 tu.