BARUA YA AJIRA KUTOKA BARA: MSHAHARA WA MSINGI NA STAHILI NYENGINE

Wananchi wanaopata ajira katika sekta binafsi Tanzania Bara wanakumbushwa kuwa huko hutumika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo si sheria ya ajira ya Zanzibar. Kabla ya kutia saini, inafaa barua isomwe yote, kwani jumla ya fedha iliyoandikwa chini hueleza machache.

Chukuliwe mfano wa barua mbili, kila moja ikiahidi shilingi 900,000 kwa mwezi. Ya kwanza inatoa mshahara wa msingi 500,000, posho ya nyumba 250,000 na usafiri 150,000. Ya pili inatoa msingi 800,000 na usafiri 100,000. Mwisho wa mwezi tofauti haionekani. Lakini malipo ya saa za ziada, yaani mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida, hukokotolewa kutokana na mshahara wa msingi, posho hazimo. Kadhalika kiinua mgongo cha kuachishwa kazi, ambacho si chini ya msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Kwa wiki ya siku 6 za kazi, mwezi huhesabiwa siku 26. Hivyo mtu akipunguzwa kazi baada ya miaka 5, barua ya kwanza itampa kiasi cha shilingi 673,000 na ya pili 1,077,000. Anayefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati.

Kuhusu pensheni, michango ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii ni asilimia 20, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Muajiriwa aulize iwapo sehemu ya mwajiri ni nyongeza juu ya mshahara uliotajwa au imeshaingizwa ndani yake. Barua zenye neno "jumla ya gharama" ndizo za kutiliwa shaka zaidi.

Likizo ya mwaka si chini ya siku 28 mfululizo, Jumamosi, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kwa anayefanya kazi siku 5 kwa wiki, hizo ni siku 20 za kazi tu. Kwa hiyo barua yenye "siku 21 za kazi" inampa zaidi, ingawa tarakimu ni ndogo. Yenye "siku 15 za kazi" iko chini ya sheria.

Neno "matibabu" peke yake halitoshi. Barua ieleze iwapo mke au mume na watoto wamo, kadi inaanza lini, ukomo wake kwa mwaka ni kiasi gani, na iwapo uzazi una muda wa kungojea. Yasiyoandikwa yaombwe kwa maandishi kabla ya saini, kwani ahadi ya mdomo ni taabu kuithibitisha baada ya afisa aliyeitoa kuhama.