Ushindi Haukaguliwi, Linakaguliwa Dau

Kampuni ya kasino ya mtandaoni inapomwandikia mteja kwamba malipo yake ya pauni 48,000 yamesimama hadi aeleze fedha zake zimetoka wapi, wengi hujibu kwa hasira ile ile: zimetoka kwenu, nimeshinda kwenye mchezo wenu. Ni kweli, ila swali halijajibiwa. Ushindi kampuni inaujua hadi sekunde uliyotokea. Isichokijua ni dau: pesa aliyoingiza mteja kabla ya kushinda ilipatikana vipi?

Swali hilo lina sababu. Mwenye fedha chafu hahitaji kushinda. Akiingiza pauni 10,000, akacheza kidogo na kupoteza 600, kisha akatoa zilizobaki, taarifa yake ya benki itaonyesha pauni 9,400 kutoka kampuni yenye leseni. Hasara ya 600 ndiyo gharama yake ya kuzisafisha. Kwa hiyo ukaguzi unarudi nyuma ya mchezo, hadi kwenye mshahara, biashara au mali iliyouzwa.

Uingereza inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu masharti yake yameandikwa wazi na Waswahili wengi wanaoishi huko hucheza kwenye kampuni zilizo chini yake. Kanuni za mwaka 2017 za kuzuia utakatishaji wa fedha zinaitaka kasino imtambue na kumhakiki mteja miamala yake inapofikia euro 2,000, uwe muamala mmoja au kadhaa inayohusiana. Kwa kasino ya mtandaoni, kuweka pesa na kutoa ushindi vyote vinahesabiwa. Kampuni za kubashiri mechi hazimo katika kanuni hizo, ila zinabanwa na masharti ya leseni na sheria ya mapato ya uhalifu ya mwaka 2002. Huku kwetu, sheria ya Kenya ya mwaka 2009 dhidi ya utakatishaji fedha nayo imeziweka kasino, zikiwemo za mtandaoni, miongoni mwa taasisi zenye wajibu wa kutoa ripoti.

Mchezaji ana haki ya kulalamika kuhusu wakati. Masharti ya leseni ya Tume ya Kamari ya Uingereza yanasema ombi la kutoa pesa lisigeuzwe kuwa kisingizio cha kudai taarifa ambazo kampuni ingeweza kuziomba mapema. Isipokuwa pale sheria nyingine inapolazimisha taarifa hiyo ipatikane wakati ule ule, mteja aliyeruhusiwa kuweka maelfu kwa miezi bila kuulizwa chochote hakustahili kuanza kuulizwa siku anayodai chake. Kampuni zinajua hivyo. Hata hivyo, kumwuliza mteja anapoweka pesa ni kuhatarisha biashara, na kumwuliza anapotoa hakuigharimu kampuni chochote siku hiyo. Naamini hapo ndipo sekta hii ilipojiharibia jina. Mwaka 2022 kundi la Entain, lenye Ladbrokes na Coral, lilikubali kulipa pauni milioni 17 baada ya Tume kukuta, pamoja na makosa mengine, mteja mmoja aliyeruhusiwa kuweka pauni 742,000 ndani ya miezi 14 bila chanzo cha fedha zake kuchunguzwa ipasavyo. Mwaka uliofuata zikaja pauni milioni 19.2 za kampuni za William Hill. Adhabu za namna hiyo ndizo zilizozifanya kampuni ziwe kali.

Tuone jinsi faili linavyosomwa, kwa mfano wa kutunga ambao watu wa idara za uhakiki watautambua. Mama mmoja anatunza wazee Birmingham. Mshahara unaomfikia mkononi ni pauni 1,900 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima ameweka pauni 200 kila mwezi, jumla 2,400, lakini katika wiki moja ya Machi aliongeza 4,000. Baadaye akashinda 48,000 kwenye mashine za sloti na kuomba alipwe.

Mkaguzi anaanza na jumla, yaani pauni 6,400. Zile 200 za kila mwezi hazimsumbui. Hati za mshahara za miezi mitatu ya karibuni, pamoja na taarifa ya benki inayoonyesha mshahara huo huo ukiingia kutoka kwa mwajiri huyo huyo, zinatosha. Hati ya mshahara peke yake haitoshi, maana inasema alistahili kulipwa nini, si kwamba alilipwa. Lazima tarakimu ya chini kwenye hati ionekane pia benki, tarehe zikikaribiana. Asiye na hati hizo anaweza kutoa fomu ya mwaka ya mwajiri iitwayo P60, na aliyejiajiri hutoa hesabu ya kodi iitwayo SA302.

Kazi iko kwenye zile 4,000, ambazo zinazidi mshahara wake wa miezi miwili. Taarifa ya benki inaonyesha kwamba siku mbili kabla ya kuziweka ziliingia pauni 4,100 kutoka kwa mwanamume asiyejulikana. Mama anaeleza kwamba yeye na kaka yake waliuza kiwanja cha urithi Kibaha kwa shilingi milioni 28, na fungu lake ni milioni 14. Mnunuzi alilipa taslimu. Kuepuka gharama za kutuma, kaka alimpa fedha hizo mama wa rafiki yao jijini Dar es Salaam, na rafiki mwenyewe, anayeishi Birmingham, akamlipa dada kwa pauni.

Kila neno hapo linaweza kuwa kweli, na maelfu ya familia zetu hufanya hivyo bila nia mbaya. Lakini kwa mkaguzi, shilingi zilibaki Tanzania na pauni zilizoingia Uingereza ni za mtu mwingine, ambazo nazo chanzo chake hakijulikani. Mkataba wa mauziano wenye muhuri wa wakili, majina ya wauzaji na mashahidi unathibitisha kwamba kiwanja kiliuzwa. Hauthibitishi kwamba pauni hizi ndizo zile shilingi. Barua ya rafiki inasaidia kidogo. Taarifa ya benki ya rafiki husaidia zaidi, ila ni siri za mtu asiye mteja, na kampuni inaweza kukataa kuzipokea. Faili kama hili haliamuliwi na mhudumu wa wateja. Linapandishwa kwa afisa mwenye jukumu la kuripoti fedha haramu, na majibu yake hayatabiriki.

Mnunuzi angelipa kwenye akaunti ya kaka, na kaka akatuma kwa kampuni ya kutuma fedha kwa jina lake mwenyewe, mambo yangekuwa mepesi: mkataba, taarifa ya benki ya kaka, risiti ya kutuma, kisha taarifa ya benki ya dada. Jina na kiasi vingefuatana hatua kwa hatua. Mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili mara nyingi huombwa pamoja na tafsiri ya mfasiri anayetambuliwa.

Kwa kipimo hicho mtu anaweza kukisia hati nyingine zitapokewaje. Mirathi huthibitishwa kwa barua ya wakili au hati ya mahakama inayotaja kiasi, pamoja na benki kuonyesha kiasi hicho kikiingia. Akiba ni jibu ambalo watu wengi hulitoa kwa urahisi na kushangaa likikataliwa. Salio kubwa linaonyesha kwamba pesa ipo. Ilivyofika hapo ni habari nyingine, kwa hiyo huombwa taarifa za miezi mingi zinazoonyesha ikikua. Ushindi kutoka kampuni nyingine hukubaliwa iwapo historia yote ya akaunti ya huko italetwa, zikiwemo pesa zilizowekwa, maana aliyetoa 5,000 baada ya kuweka 7,000 hakushinda kitu. Fedha za upatu ni ngumu kuliko zote. Daftari la kikundi halina uzito huko, na michango ikipita mikononi hakuna alama inayobaki. Ikipita benki kila mwezi kwa majina yale yale, huwa na nafasi.

Mkopo unastahili kuzungumzwa peke yake. Mkataba wa mkopo ni ushahidi safi wa chanzo, na bado unaweza kumfungia mteja akaunti. Kampuni hizo zina wajibu wa pili, wa kuwalinda wachezaji wasidhurike, na anayecheza kwa pesa ya kukopa ni ishara ya hatari. Ndiyo maana tangu Aprili 2020 kadi za mkopo zimepigwa marufuku katika kamari nchini Uingereza.

Mafaili mengi hukwama kwa makosa madogo kuliko hayo. Picha ya skrini ya simu hukataliwa kwa sababu haina jina wala namba ya akaunti. Taarifa iliyokatwa pembeni au kufutwa mistari hurudishwa. Mkaguzi hujumlisha salio mstari kwa mstari, na likikosa kufuatana hujua hati imeguswa. Hapo shida inahama kutoka fedha kwenda kughushi. Faili la PDF lililopakuliwa moja kwa moja benki, kurasa zote zikiwemo, ndilo linalopita upesi. Lipakiwe ndani ya akaunti yenyewe ya kampuni, lisitumwe kwa WhatsApp.

Kuna wakati mteja ametoa kila kitu na bado anaambiwa tu kwamba ukaguzi unaendelea. Mara nyingine ni uzembe. Mara nyingine kampuni imepeleka ripoti kwa NCA, shirika la taifa linalopambana na uhalifu mkubwa, na kuomba ridhaa ya kulipa. Shirika hilo lina siku saba za kazi za kujibu. Likinyamaza, kampuni inahesabiwa kuwa imepewa ridhaa. Likikataa, zinaongezwa siku 31, na mahakama inaweza kurefusha zaidi. Katika kipindi hicho, kumdokeza mteja kwamba ameripotiwa ni kosa la jinai. Kwa nje hali hizo mbili zinafanana kabisa, na mhudumu anayejibu simu huenda naye hajui ni ipi.

Pesa ikisimama, isirudi mchezoni. Tangu Oktoba 2021 kampuni zenye leseni ya Uingereza haziruhusiwi kumpa mteja nafasi ya kufuta ombi lake la kutoa pesa ili aendelee kuzicheza. Inayotoa nafasi hiyo, au inayomtaka mteja aweke kiasi kingine kwanza ili ushindi ufunguliwe, haifuati masharti hayo, na dai la pili ni mbinu ya kawaida ya matapeli. Kwa kampuni yenye leseni, mteja huandika malalamiko rasmi akitaja kila hati aliyotuma na tarehe yake, na kuuliza kwa nini hazikuombwa alipokuwa akiweka. Wiki nane zikipita bila suluhu, au kampuni ikitoa jibu lake la mwisho mapema, shauri hupelekwa kwa msuluhishi huru aliyetajwa katika masharti ya kampuni, bila malipo. Tume yenyewe haiamui madai ya mteja mmoja mmoja, ingawa hupokea taarifa zao na kuzitumia inapoikagua kampuni.