Kulala na Kulaza kwa Kiingereza

Ripoti ya zamu wodini huandikwa kwa Kiingereza, hata kama usiku kucha wauguzi na wagonjwa wamezungumza Kiswahili. Ndani ya ripoti hizo hukosi kukuta sentensi kama hii: "The patient is laying in bed." Daktari wa asubuhi ataielewa, na mgonjwa hatadhurika. Ila Kiingereza sanifu kitauliza: analaza nini? Kitenzi hicho kikitumika bila kutajiwa kitu, Mwingereza humfikiria kuku anayetaga. Mgonjwa "is lying in bed".

Muuguzi asijione mshamba. Waliozaliwa ndani ya Kiingereza wanachanganya "lie" na "lay" tangu karne ya 14, na kwa miaka mingi hakuna aliyejali. Ni katika nusu ya pili ya karne ya 18 ndipo waandishi wa vitabu vya sarufi walipoanza kulikemea kosa hilo, nalo halikukoma. Bob Dylan alitoa wimbo wa "Lay Lady Lay" mwaka 1969, ambao kwa sheria za darasani ungeitwa "Lie Lady Lie", na huyo bibi angeweza kudhani anaambiwa aseme uongo. Katika maongezi ya kawaida watu wengi wasomi hawajali. Katika mtihani, barua ya kazi, taarifa ya polisi au gazeti bado kosa hilo linahesabiwa, na mashine ya kukagua tahajia haina uhakika wa kukusaidia, kwa sababu maneno yote mawili yako kwenye kamusi yake.

Mswahili ana bahati ambayo Mwingereza hana. Tofauti inayomsumbua Mwingereza, sisi tunaitamka kila siku bila kufikiri: mtoto analala, mama anamlaza mtoto. "Lie" ni kulala au kujinyoosha, na tendo linaishia kwa mtendaji mwenyewe. "Lay" ni kulaza au kuweka, na lazima tendo lifike kwenye kitu kingine, kile ambacho walimu wetu wa sarufi hukiita yambwa. Hatuwezi kusema "mama amelaza" tukanyamaza. Msikilizaji atangoja kuambiwa amelaza nini au nani. Kungoja huko ndiko kipimo chenyewe. Ukisoma sentensi ya Kiingereza na swali la "nini?" likapata jibu ndani yake, unahitaji "lay". Lisipopata jibu, unahitaji "lie".

Kufanana huku kunakwenda ndani zaidi ya maana. Lugha za Kibantu za kale zilikuwa na sauti nyembamba ya "i" iliyopachikwa mwishoni mwa mzizi ili kuonyesha kwamba mtu anamfanya mwingine atende. Sauti hiyo iliibadilisha konsonanti iliyokuwa jirani yake, kisha yenyewe ikamezwa. Ndiyo maana "lala" ikazaa "laza" na "waka" ikazaa "washa", bila ya hata alama ya "i" kubaki. Lugha za Kijerumani za kale, ambazo Kiingereza kimetokana nazo, zilikuwa na sauti inayokaribia hiyo kwa kazi hiyohiyo. Kwao ilibadilisha irabu ya ndani ya mzizi, kisha nayo ikapotea. Mabaki yake ni "lie" na "lay", "sit" na "set", "fall" na "fell". Hata "drink", kunywa, ilikuwa na mwenzake "drench", iliyomaanisha kunywesha, ingawa leo maana yake ni kulowesha chapachapa. Lugha hizi mbili hazina undugu. Zilifika mahali pamoja kila moja kwa njia yake. Kilichozitenga ni kwamba sisi tuliendelea kutengeneza vitenzi vya kutendesha kila tunapovihitaji, na Mwingereza akabaki na jozi chache tu za kukariri, asijue zimetoka wapi.

Kwa hiyo maana si tatizo letu. Tunanaswa kwenye wakati uliopita.

"Lie" ya kulala ikirudi jana inakuwa "lay". Ndiyo, neno lilelile. "Today I lie down, yesterday I lay down." Ikifuata "have", "has" au "had", inakuwa "lain", neno ambalo wengi hawajawahi kulitamka maishani. "Lay" ya kulaza ni rahisi zaidi: jana ni "laid", na baada ya "have" ni "laid" vilevile. Kisha kuna "lie" nyingine, ile ya kusema uongo, ambayo jana yake ni "lied". Mtu anayeandika "he lied in bed all day" amemsingizia mwenzake kwamba alishinda kitandani akidanganya.

Jina la riwaya ya William Faulkner ya mwaka 1930, As I Lay Dying, huwatatiza wanafunzi wengi wanaodhani "lay" hapo ni kulaza, tena kwa wakati uliopo. Ni "lie" ya jana: nilipokuwa nimelala nikifa. Jina hilo halina kosa lolote. Sikio nalo linaongeza utata. Tamka haraka "I lay down" kisha "I laid down": d ya mwisho wa "laid" inaungana na d ya "down", na sentensi mbili zinasikika kama moja. Mtoto anayejifunza Kiingereza kwa kusikia atazitofautishaje?

Tuchukue sentensi tatu zenye mapengo, mfano wa barua kwa rafiki: "Yesterday I was so tired that I ___ on the sofa. My sister had ___ the baby beside me. When I woke up, my glasses, which I had ___ on the floor, ___ broken under the chair."

Pengo la kwanza: nililala nini? Hakuna jibu, maana "on the sofa" inasema wapi, haisemi nini. Basi ni "lie", na kwa kuwa ni jana, ni "lay". La pili: dada alilaza nani? "The baby". Ni kitenzi cha kulaza, kimefuata "had", kwa hiyo "laid". La tatu ndilo linaloangusha watu. Baada ya pengo kuna "on the floor" tu, na mwandishi mwenye haraka atasema hakuna yambwa, aandike "lain". Yambwa ipo, imetangulia: miwani, inayowakilishwa na "which". Kiswahili hakiruhusu kujificha huko, kwa sababu tungesema "miwani niliyoiweka sakafuni", na ile "i" katikati ya kitenzi inaitaja miwani waziwazi. Jibu ni "laid". Pengo la nne: miwani ilikuwa chini ya kiti, imevunjika. Haikumlaza mtu. Ni "lie" ya jana tena, "lay". Hivyo barua moja fupi ina "lay" mara mbili, na zote mbili ni za kulala, hakuna ya kulaza.

Pengo hilo la nne linaonyesha pia mahali ambapo Kiswahili kinaweza kutupoteza. Sisi hatusemi miwani imelala. Tunasema iko pale. Mwingereza husema vitu "lie": vitabu mezani, funguo mlangoni, hata mji bondeni. Kwa hiyo ukitafsiri kichwani, usitafute neno "lala" peke yake. Penye "-ko", "-po" au "-mo", mara nyingi "lie" inafaa. Penye "weka", "laza" au "panga" kama matofali, ni "lay".

Tahadhari nyingine ni neno "amelazwa". Kwetu linamaanisha amepewa kitanda hospitalini, na kwa Kiingereza hilo ni "admitted", hakuna "laid" hapo. Lakini umbo la kutendwa lenyewe ni dalili nzuri, kwa sababu katika jozi hii "lay" pekee ndiyo inayoweza kutendwa. Matangazo ya vifo katika magazeti ya Kenya husema marehemu "will be laid to rest", maana kuna watakaomzika. Jiwe la kaburi husema "Here lies", maana sasa hakuna anayemfanya lolote.

Jozi ya pili kwa usumbufu ni "rise" na "raise", na hapa waandishi wa habari za uchumi ndio waathirika wakuu. Kiswahili kinatupa tena jibu: bei imepanda, bei imepandishwa. "Prices have risen" haimtaji mtu. "The company has raised its prices" inamtaja aliyefanya, na "prices have been raised" inasema kuna mtu bila kumtaja. Kosa linaloonekana sana ni "prices have raised", ambayo inaacha swali likining'inia: zimepandisha nini? "Raise" haina ugumu, jana yake ni "raised". "Rise" inabadilika: "rose", kisha "risen". Tofauti hii ina uzito wake wa kisiasa, kwa sababu msemaji asiyetaka kuulizwa ni nani aliyepandisha nauli atachagua "fares have risen" kila mara.

"Sit" na "set" haziwasumbui sana Waswahili, kwa kuwa kuketi na kuweka hazifanani kwetu hata kwa sauti. Ila kipimo cha "nini?" hapa kina mwisho wake. Jua "sets" linapozama, na saruji "sets" inapoganda na kushikana, bila yambwa yoyote. Hizo hujifunzwa hivyohivyo zilivyo. Vilevile kuna misemo iliyokwishagawanyika: kujificha kwa muda hadi mambo yapoe ni "lie low" katika maandishi rasmi, na hali ya mahali au ya mambo huitwa "the lie of the land" na Waingereza, lakini "the lay of the land" na Wamarekani.

"Fall" na "fell" zinafanana na "lie" na "lay" hadi kwenye mtego wenyewe. Kuanguka jana ni "fell". Kuangusha mti leo ni "fell" pia, na jana yake ni "felled". Ripoti ya msitu inayosema "they fell the trees every dry season" inazungumzia wakata miti, kwa sababu swali la "nini?" linajibiwa na "the trees". Ongeza neno moja tu, "they fell from the trees", na sasa ni wao walioanguka.