Si kila "si ndio?" ni "isn't it?"

Manze, kwa ngeli ile "si ndio?" ya mwisho hubadilika. Inafuata kitenzi cha mbele, halafu inageuza. Mbele ikikubali, mkia unakataa: "You are coming, aren't you?" Mbele ikikataa, mkia unakubali: "You can't drive, can you?"

Noma iko kwa hii: "He's eaten." Wasee wengi watamalizia na "isn't he?" Zii. Fungua hiyo 's kwanza. Hapo ni "He has eaten", so mkia ni "hasn't he?" Ingekuwa "He's eating", hiyo ni "He is", na "isn't he?" ingeingia fiti. Kabla uweke mkia, cheki neno linalofuata 's. Ndilo linakushow kama ni "is" ama "has".