Usingizi Uliopotea Ndani ya Eda

Binti wa ndugu yangu alifiwa na mumewe kwa ghafla, akaingia eda. Usiku wa kwanza hakulala kabisa. Wa pili alisinzia karibu na alfajiri. Majuma mawili yakapita hivyo, na hakuna aliyestaajabu. Mwili uliopatwa na mshtuko hukesha mfano wa mlinzi, moyo ukienda mbio na fikra zikizunguka, na kwa watu wengi hali hiyo hutulia yenyewe baada ya siku au majuma machache.

Lililonishughulisha ni kwamba mwezi wa tatu ulipoingia, kilio kilikuwa kimepungua, naye akicheka na wanawe, lakini usingizi haukurejea. Matabibu huliita tatizo hili la kudumu linapomfika mtu angalau siku tatu kwa juma, kwa muda wa miezi mitatu. Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi. Si eda inayoleta maradhi, hasha. Ila muda huo watosha kabisa kwa tabia mpya kuota mizizi.

Arthur Spielman, mtaalamu wa usingizi wa Marekani, pamoja na wenzake walilifafanua jambo hili mwaka 1987. Wapo watu wenye maumbile mepesi ya kukesha. Kisha huja tukio linaloanzisha. Kisha huja mambo yanayoendeleza. Aliyewasha moto huenda keshaondoka, na aliyebaki akiutia kuni ni mgonjwa mwenyewe, naye adhani anauzima.

Kuni za binti yetu zilikuwa hizi. Akiona hakulala jana, leo huingia kitandani mapema, saa tatu usiku, ili aufidie usingizi. Huamka saa kumi na moja kwa Sala ya Alfajiri, kisha hurudi kulala hadi saa tatu asubuhi. Baada ya Adhuhuri hujinyoosha tena saa nzima. Jumla ni muda wa saa kumi na mbili kitandani, na humo usingizi wake ulikuwa wa saa tano na nusu tu, uliokatika vipande vipande. Haja ya usingizi hukusanyika kadiri mtu anavyokaa macho, kama njaa. Naye alikuwa akiidonoa mchana kutwa, kisha usiku akikosa hamu.

La pili lilikuwa wasiwasi wenyewe. “Ami,” aliniambia, “nikikaa ukumbini macho yanafumba. Nikigusa mto tu, nazindukana.” Kitanda kilikuwa kimekwisha kuwa mahali pa kuhesabu saa kwenye simu na kuogopa kesho: nitawapikiaje watoto, nitaugua? Mwenye kuulazimisha usingizi huufukuza, na kila usiku wa namna hiyo huufunza mwili kwamba kitandani ndipo pa kukesha. (Kahawa ya kila mgeni aliyekuja kutoa pole nayo haikusaidia.)

Tabibu aliyemwona alimtaka kwanza aandike kila asubuhi, kwa makisio, alilala muda gani. Kisha akampa kitanda kifupi: aingie saa tano na nusu usiku, aamke saa kumi na moja, wala asirudi kulala. Alfajiri ya pwani yetu haihitilafiani sana mwaka mzima, basi saa ya kuamka ilikuwa tayari. Kailula, ingawa ni jambo jema, aliambiwa aiache kwa muda. Simu ikae mbali. Na akiona amekaa macho kiasi cha dakika ishirini, bila kutazama saa, atoke chumbani, akae penye mwanga hafifu hadi asinzie, ndipo arudi.

Juma la kwanza lilikuwa zito. Alisinzia mchana, na akakasirika nami pia. Juma la pili akalala karibu muda wote aliopewa. Hapo akaongezewa robo saa: aingie saa tano na robo. Akaendelea hivyo juma kwa juma, maadamu sehemu kubwa ya muda wa kitandani, kama asilimia 85, ni usingizi.

Njia hii haimfai kila mtu. Mwenye kifafa, mwenye maradhi ya akili ya kupanda na kushuka, au mwenye kuendesha gari asijipunguzie usingizi bila tabibu, na hapana anayeshushwa chini ya muda wa saa tano. Anayekoroma hadi pumzi ikakatika ana tatizo jingine. Na mfiwa anayesema hataki tena kuishi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asingojwe amalize eda. Haja ya tiba humruhusu kutoka.

Sasa huingia kitandani saa nne na nusu. Zipo siku huamka usiku wa manane akimkumbuka marehemu. Hutoka, hukunja nguo za watoto ukumbini, kisha hurudi.